Kiwanda hakijatangaza nafasi. Nikiandika barua, nitaonekana najipendekeza?

*Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa miaka 25, naishi Singida mjini. Nilimaliza stashahada ya sayansi na teknolojia ya chakula mwaka jana. Fildi nilifanya wiki 8 kwenye kiwanda kidogo cha alizeti mkoa wa Dodoma, nikawa napima unyevu wa mbegu na asidi ya mafuta. Tangu Oktoba nimepeleka barua 14 za kuomba kazi, zote nimeziacha getini, na hakuna aliyenijibu. Sasa kuna kiwanda kimoja cha kukamua na kusafisha mafuta ya alizeti ninachokitaka kweli, ila hakijatangaza nafasi. Baba anasema kuandika mahali ambapo hawajaita watu ni kujipendekeza. Barua yangu huanza hivi: "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 25, naomba kazi yoyote itakayopatikana katika kampuni yako tukufu. Ni mchapakazi, mwaminifu na niko tayari kufanya kazi katika mazingira yoyote." Kosa langu liko wapi?*

*Msomaji, Singida*

Marahaba mwanangu.

Kabla sijastaafu nilikaa miaka mingi ofisi ya utumishi ya kiwanda, na barua za getini nilikuwa nazifungua mimi. Acha nikueleze kilichokuwa kinatokea. Mlinzi alikuwa anazikusanya kwenye droo yake, akizileta kwa pamoja siku akikumbuka. Nikizifungua, nyingi zilikuwa zinaishia kwenye faili moja nene lililoandikwa "Maombi ya Kazi". Faili hilo hakuna aliyelifungua. Tulikuwa tunalitunza kwa sababu kutupa barua ya mtu ni aibu, basi. Chache sana, labda moja kwa mwezi, nilikuwa nainuka kwenye kiti na kuzipeleka kwa mkono wangu hadi kwa meneja wa uzalishaji, fundi mkuu au mhasibu.

Hizo chache hazikuwa na Kiswahili kizuri kuliko nyingine, wala waandishi wake hawakuwa na vyeti vikubwa zaidi. Tofauti ilikuwa kwamba nikiisoma mistari mitatu tu najua niipeleke meza ipi. Ya kwako ningeipeleka kwa nani? "Kazi yoyote" haina meza. Na nikuambie siri ya ofisini: kijana akiandika "kazi yoyote", kiwandani hilo husomeka "kupakia magunia". Stashahada yako inakuwa imefutwa na mkono wako mwenyewe.

Baba yako umweleze hivi. Viwanda vya ukubwa huo ni nadra kutangaza nafasi. Mwenye kiwanda akihitaji mtu humwambia meneja, "Nitafutie kijana", na meneja huuliza waliopo karibu. Mara nyingi anayepatikana ni mpwa wa mtu, sitakudanganya. Lakini kuna siku hakuna mpwa anayejua kupima asidi ya mafuta, na siku hiyo barua iliyokwisha kusomwa na meneja ndiyo inayokumbukwa. Kuuliza kwa adabu kabla hujaitwa si kujipendekeza. Kujipendekeza ni hilo "kampuni yako tukufu".

Tangazo la kazi likitoka linakufanyia kazi nyingi usizoziona: linakuambia nafasi ipi, lini, na uandike kwa nani. Tangazo lisipokuwepo, mambo hayo matatu lazima uyalete mwenyewe. Tuanze na nafasi ipi, maana hapo ndipo ulipokalia dhahabu bila kujua.

Alizeti ya kwenu Singida hupandwa na mvua za Desemba na Januari, huvunwa kuanzia Mei hadi Julai. Miezi hiyo ndiyo kiwanda kinanunua. Mbegu hununuliwa kwa kilo, na maji nayo yana kilo. Mkulima aliyewahi kupura kwa sababu anahitaji ada ya shule huleta mbegu ambazo hazijakauka sawasawa, na mzani hauoni tofauti. Chukua siku moja ya kununua tani 20. Kiwanda kikitaka mbegu zenye unyevu wa asilimia 9, lakini zilizoingia zina asilimia 12, basi ndani ya tani 20 kuna mbegu kavu kilo 17,600 tu, ambazo kwa unyevu wa asilimia 9 zingepaswa kuwa na uzito wa kilo 19,340 hivi. Kiwanda kimelipia karibu kilo 660 za maji kwa siku moja. Hapo sijagusa hasara ya pili: mbegu mbichi zikirundikwa stoo hupata joto, huota ukungu, na asidi ya mafuta yake hupanda. Kiwanda kinachosafisha mafuta huiondoa asidi hiyo kwa magadi makali, yaani sodiamu haidroksaidi, na kila asidi inavyozidi ndivyo mafuta mengi zaidi yanavyogeuka sabuni na kuondoka na machicha yake.

Sasa nani husimama mzanini kuamua kama mbegu ni kavu? Viwanda vingi ni mnunuzi mzoefu anayeuma punje kwa meno na kuingiza mkono kwenye gunia. Meno yake yanajua mengi, simdharau. Lakini hayawezi kutofautisha 9 na 12 mchana kutwa, magari yakiwa kwenye foleni na wakulima wakigomba. Wewe umekaa wiki 8 ukifanya kazi hiyohiyo kwa kipimo, halafu ukaificha nyuma ya neno "mchapakazi". Kila barua iliyowahi kupita mezani kwangu ilikuwa ya mchapakazi.

Kwa hiyo usiombe kazi. Ulizia kazi hiyo moja: kupima ubora wa mbegu zinapopokelewa. Huenda kwao haina hata cheo. Haidhuru, shida yake wanaijua.

Lini? Hapa pia uliteleza bila kujua. Ulianza kupeleka barua Oktoba, wakati viwanda vingi vidogo vinaanza kuishiwa mbegu na meneja anafikiria apunguze nani. Ukipeleka Juni, yuko mzanini tangu alfajiri na barua haisomi. Kipindi chako ni katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Aprili. Wakati huo mashine zinafunguliwa na kufanyiwa matengenezo, mwenye kiwanda anatafuta fedha za kununulia mbegu, na meneja anaorodhesha watu wa msimu. Barua ikimkuta na orodha mkononi, ni rahisi kuongeza jina kuliko kumwita mtu baadaye.

Kwa nani? Nenda dukani ukachukue chupa ya mafuta yao. Lebo itakupa jina kamili la kampuni, anwani na mara nyingi namba ya simu. Isome vizuri zaidi ya hapo. Kama inasema mafuta yamesafishwa na kuongezwa vitamini A, ujue ndani kuna mtambo wa kusafishia na huenda kuna maabara, hata kama ni chumba kimoja. Mtu wako anaweza kuwa msimamizi wa ubora. Kama ni mafuta ya kukamua na kuchuja tu, pengine hakuna maabara kabisa, na mtu wako ni meneja wa uzalishaji au mwenye kiwanda mwenyewe. Hicho unachokitaka kinasafisha na huenda kina msimamizi wa ubora, lakini ningeanza na meneja wa uzalishaji, maana mzani na mtambo vyote viko chini yake.

Jina lake lipate kwa simu. Piga saa nne asubuhi, wala si saa mbili ambapo wanapanga kazi, wala si mchana. Sema, "Habari za kazi, nina barua ya meneja wa uzalishaji, naomba jina lake niliandike vizuri kwenye bahasha." Nyamaza hapo. Ukianza kusimulia kwamba unatafuta kazi, dada wa mapokezi atakujibu kwa niaba ya kampuni nzima kwamba hakuna nafasi, na hilo si jukumu lake. Wakikunyima jina, andika cheo peke yake. Usibahatishe jina, meneja aliyeondoka akiandikiwa barua, aliyepo anajua hukuuliza.

Barua yenyewe ningeiandika hivi. Mabano ujaze mwenyewe.

> S.L.P. (namba),
> Singida.
> Simu: (namba)
> 16 Machi
>
> Bw. (majina mawili),
> Meneja wa Uzalishaji,
> (jina la kiwanda),
> S.L.P. (namba),
> Singida.
>
> Ndugu,
>
> YAH: KUULIZIA NAFASI YA KUPIMA UBORA WA MBEGU ZA ALIZETI, MSIMU WA MEI HADI AGOSTI
>
> Naandika kuuliza kama msimu huu kiwanda chako kitahitaji mtu wa kupima unyevu na usafi wa mbegu zinapopokelewa mzanini. Ninafahamu kwamba hakuna nafasi iliyotangazwa.
>
> Nina stashahada ya sayansi na teknolojia ya chakula (NTA ngazi ya 6). Mafunzo kwa vitendo nilifanya wiki 8 katika kiwanda cha kukamua alizeti mkoani Dodoma. Kazi yangu ilikuwa kuchukua sampuli kwenye magunia kwa bambo, kupima unyevu wake kwa oveni, na kuandika matokeo kwenye daftari la mapokezi. Kwa siku nilikuwa napima sampuli (idadi). Nilipima pia asidi ya mafuta ghafi (mara ngapi) kwa siku.
>
> Nimekiandikia kiwanda chako kwa sababu mnasafisha mafuta, na unyevu wa mbegu zinazoingia unagusa moja kwa moja kiasi cha mafuta kinachopotea wakati wa kusafisha. Ningependa kufanya kazi mahali ambapo kipimo cha mzanini kina maana hadi mwisho wa mtambo.
>
> Naishi Singida mjini na ninaweza kuanza tarehe 1 Mei au mapema zaidi. Kama itakufaa, naomba dakika 15 za mazungumzo siku utakayopanga. Na kama msimu huu hakuna uhitaji, nitashukuru kujua ni mwezi gani unafaa kuulizia tena.
>
> Nimeambatisha wasifu wangu wa ukurasa mmoja. Msimamizi wangu wa mafunzo kwa vitendo amekubali kupigiwa simu. Jina na namba yake viko kwenye wasifu. Nitapiga simu ofisini tarehe 26 Machi saa nne asubuhi kuulizia kama barua imekufikia.
>
> Wako,
> (saini)
> (jina kamili)

Hesabu ya kilo 660 sijaiweka, na umeona. Meneja anaijua kuliko wewe. Ukimwandikia kwamba kiwanda chake kinanunua maji, umemwambia mwenyeji kwamba nyumba yake inavuja kabla hajakukaribisha kiti. Ibaki kichwani mwako. Ukiitwa, akakuuliza, "Kwa nini nikuajiri wewe wakati nina mnunuzi wa miaka kumi?", hapo itoe polepole, kwa tani anazonunua yeye, na kwa heshima ya yule mnunuzi, ambaye utafanya naye kazi.

Mstari wa "ninafahamu kwamba hakuna nafasi iliyotangazwa" watu hupenda kuuondoa wakidhani unawapunguzia nguvu. Uache. Mimi nilikuwa nikipokea barua inayosema "nimeona tangazo lenu" wakati hatujatangaza kitu, na mara moja nilijua imepigwa nakala kutoka kwa barua ya mahali pengine. Huu wako unaonyesha unajua unachokifanya, na unampa meneja njia ya kusema hapana bila kuona haya. Mtu aliyeachiwa njia ya kutoka hujibu haraka kuliko aliyebanwa ukutani.

Ombi la kujua mwezi wa kuulizia tena nalo limewekwa makusudi. "Tuna nafasi?" hujibiwa kwa neno moja. "Nirudi lini?" hata mtu aliyekataa huwa na jibu lake, na jibu hilo ni mali, kwa sababu mwakani barua yako itaanza: "Mwaka jana ulinielekeza niulizie tena mwezi wa tatu."

"Husika na kichwa cha habari hapo juu" tumefundishwa wote shuleni, na mimi nimeiandika mara elfu. Lakini inakula mstari wa kwanza, ambao ndio unaosomwa kwa hakika. Kichwa cha habari kipo, msomaji amekiona. Ingia.

Kwenye yale mabano andika ukweli mtupu. Nimeandika bambo na oveni nikikisia kutokana na ulivyonieleza. Kama mlikuwa mnatumia kipimo cha mkono, andika hicho, na kama ulikuwa unasaidia tu kuandika daftari, andika hivyo. Watu wa kiwandani hawasaili kama wa ofisini. Watakutia mbegu mkononi na kukuuliza utaanzaje. Unatakiwa uweze kusema bila kusitasita: nachukua sampuli kwenye magunia kadhaa, juu, katikati na chini, nachanganya, napima gramu 10, naweka kwenye oveni ya nyuzi 103 hadi uzito usibadilike tena, napoza kwenye chombo kikavu, napima tena, ikirudi gramu 8.9, unyevu ni asilimia 11. Na ukishasema hivyo, jiandae kwa swali la pili, ambalo ndilo la kweli: oveni inachukua masaa, gari la mkulima linasubiri, utafanyaje? Jibu ni kwamba mzanini hutumika kipimo cha mkono kinachotoa namba papo hapo, na oveni hubaki ya kuhakiki kama hicho kipimo hakidanganyi. Kama hujawahi kukishika, sema hujawahi. Kujifunza ni jambo la asubuhi moja, lakini uongo wake utaonekana siku hiyohiyo.

Kuhusu viambatisho, punguza. Vijana wetu hubeba bahasha nzito kama ya kesi: cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa. Hayo huombwa wakishakutaka. Barua ya kuulizia ni ukurasa mmoja na wasifu ukurasa mmoja. Na nakala ya NIDA yako isilale kwenye droo ya mlinzi, tafadhali.

Lugha? Angalia wao wanaandikaje. Kiwanda ambacho vibao na matangazo yake ni ya Kiswahili, andika Kiswahili. Kampuni kubwa yenye ofisi Dar es Salaam na mawasiliano ya Kiingereza, andika Kiingereza, lakini hayohayo, kwa urefu uleule.

Tuje getini. Chapisha nakala mbili. Bahasha iandikwe jina la meneja, na kwa mlinzi usiseme "naleta maombi ya kazi", sema "nina barua ya Bwana fulani, naomba niifikishe mapokezi." Jina humfanya mlinzi apige simu ndani badala ya kufungua droo. Ukiruhusiwa, mapokezi omba wakugongee mhuri wa kupokelewa na tarehe kwenye nakala yako, au wasaini. Ni utaratibu wa kawaida kabisa wa barua, hakuna atakayeshangaa, na barua iliyogongewa mhuri imeshaingia kwenye daftari. Si rahisi ipotee kimyakimya. Mlinzi akikataa katakata, usigombane. Mwachie, muulize jina lake, na umtaje utakapopiga simu: "Niliiacha kwa Bwana fulani getini tarehe 16." Utashangaa droo inavyofunguka.

Kama lebo au kibao kina barua pepe, tuma pia siku hiyohiyo. Kichwa cha barua pepe kiwe kilekile cha YAH. Maneno ya barua yaweke humo humo kwenye barua pepe yenyewe, kwa sababu meneja anaisoma kwenye simu akiwa amesimama. Wasifu tu ndio uambatishe, faili moja la PDF lenye jina lako. Wasapu usiitumie kwa mtu asiyekupa namba yake. Namba ya wasapu iliyo kwenye chupa ni ya wateja wa mafuta.

Tarehe 26 ikifika, piga. Umeahidi, na mtu anayepiga saa aliyosema ameshafanya nusu ya usaili. Ulizia barua, usiulizie kazi. Ukiambiwa iko kwa meneja, shukuru, uliza kama unaweza kuzungumza naye au upige siku gani. Ukiambiwa "tutakupigia", ujue kwa kawaida hawatapiga. Pokea vizuri, na upige tena mara moja tu mwishoni mwa Aprili, mbegu za kwanza zikikaribia. Ukiambiwa hapana, uliza mwezi. Baada ya hapo acha. Simu ya tatu na ya nne ndiyo itakayokuwa kujipendekeza anakokusema baba.

Kuna jibu moja linalowachanganya vijana: "Kupima hatuna, ila njoo upakie magunia kwa kutwa." Wapo watakaokuambia ukatae ulinde elimu yako. Mimi ningeuliza kwanza malipo ya siku na kama kazi yenyewe iko kwenye mapokezi ya mbegu au kwenye ghala la mashudu. Ikiwa ni mapokezi, ningeenda kwa msimu mmoja, kwa sababu utasimama hatua tano kutoka mzani na meneja atakuona kila siku. Ghala la mashudu liko nyuma ya kiwanda, humo utatoka na vumbi tu. Na wakisema ujitolee bila malipo, kubali kwa muda unaotajwa kwa maandishi, wiki mbili, si zaidi, upime mbegu kweli. "Jitolee kwanza, tutaona" isiyo na tarehe huwa haioni kitu.

Na yeyote atakayekupigia kusema barua yako imepita, utume hela ya fomu, ya vipimo au ya sare, kata simu. Halafu piga ile namba ya kwenye lebo uwaulize.

Jambo moja la mwisho la kukuokolea nauli. Barua ya namna hii ni ya sekta binafsi. Usiipeleke TBS wala halmashauri hata kama wanapima chakula kila siku. Ajira za serikali hutangazwa na kuombwa kwa mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, na barua yako hata ikimfurahisha mkuu wa ofisi hana pa kuiweka. SIDO ni tofauti kidogo: usiombe kazi kwao, nenda ofisi yao ya mkoa ukaulize ni wasindikaji gani wa alizeti wanaowafahamu wanaopanua mtambo mwaka huu. Huyo anayeanza kusafisha mafuta kwa mara ya kwanza anahitaji mtu wa asidi na unyevu kuliko hata hicho kiwanda chako, na pengine hajajua bado.

Zile 14 za mwanzo usizihangaikie. Ila zipitie majina yake. Kama miongoni mwake kuna vinavyonunua alizeti, viandikie upya Machi, kila kimoja kwa jina la mtu na kwa lebo uliyoisoma. Usiogope kwamba watakumbuka ile ya kwanza. Iko kwenye faili nene.